Nikuongeze, Mama?

Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya mameneja wa supamaketi na watu wa matangazo. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Mizaha miwili iliyododa siku ile nimeiacha nje.

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nimepewa zamu ya baada ya chakula, na nimewaona baadhi yenu mkirudia biriani, kwa hiyo sitawawashia picha ukutani mkasinzia. Nimekuja kuwasimulia jinsi tulivyoipa jina kadi ya pointi ya supamaketi moja yenye matawi machache hapa Pwani. Supamaketi yenyewe sitaitaja. Baadhi ya nitakayoyasema ni makosa, na waliokosea tulikuwa sisi tuliopewa kazi, lakini wenye duka ndio waliobeba aibu mbele ya wateja.

Kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kutunga majina niliwahi kukaa kaunta, nikiwa keshia. Kwa hiyo naomba tuanzie pale. Mteja amefika mbele yako, nyuma yake kuna foleni. Mkono wa kulia unapitisha unga kwenye mashine, wa kushoto unatafuta mfuko. Feni inavuma, muziki unapiga, mashine ya jirani inalia ti, ti, ti. Mtoto ameng'ang'ania chokoleti. Katikati ya hayo yote meneja amekuagiza umwulize kila mteja swali moja la kadi. Una pumzi moja ya kuuliza, na mteja ana pumzi moja ya kujibu. Jina la mpango wenu linaishi ndani ya pumzi hizo mbili. Bango la barabarani, tangazo la redio, rangi ya kadi, vyote hivyo ni vya kulisindikiza tu.

Sasa tazameni makeshia wanavyofanya. Kadi ikiwa na jina refu la Kiingereza, la maneno mawili yaliyochaguliwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, keshia hulisema kwa siku tatu za mwanzo, siku ambazo msimamizi amesimama nyuma yake. Siku ya nne anauliza, "Una kadi?" Wa Nairobi atauliza, "Uko na kadi?" Na mteja, ambaye ana kadi ya benki, kadi ya bima na kadi za maduka mengine mawili, anauliza, "Kadi gani?" Keshia anajibu, "Ya pointi." Basi. Jina mlilolilipia limekwisha kufa, na lililoliua ni "kadi ya pointi", jina ambalo kila duka jirani linalo.

Watu kukata jina refu si jambo geni wala si la kwetu peke yetu. Ule ushirika wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, ulioanza mwaka 1844, ulikuwa ukiwarudishia wanachama sehemu ya faida kulingana na walichonunua. Kwenye vitabu vya hesabu kitu hicho kiliitwa gawio la manunuzi, kwa maneno marefu ya kihasibu. Kwenye kaunta za maduka ya ushirika Waingereza walikikata kikabaki "divi". Mwanachama alikuwa na namba yake ya divi, na mtoto akitumwa dukani aliitaja namba ya mama yake. Wapo waliozeeka nayo kichwani. Mimi nililichukua somo hilo hivi: usipolikata jina mwenyewe, kaunta italikata, na huwezi kujua kitabaki kipande gani.

Tesco, supamaketi kubwa ya Uingereza, walipotoa kadi yao ya pointi, Clubcard, mwaka 1995, jina lilikuwa fupi na lilikatika vizuri mdomoni. Ila ukilitazama, linasema wewe ni mwanachama wa klabu. Halisemi unapata nini. Faida ilikuwa ni kitu cha kuelezwa pembeni. Mwaka 2019 walianza kuweka kwenye rafu bei mbili, ya kawaida na ya mwenye Clubcard, na jina likachapwa pale pale kando ya bei ndogo. Tangu hapo mtu hahitaji kuelezwa, maana jina limeegemea kitu anachokiona. Hiyo ni njia mojawapo: jina lisilosema faida linaweza kuazima maana kutoka kwenye bei iliyo jirani yake. Lakini ni njia ya mwenye subira na pesa za matangazo. Sisi tulikuwa na matawi machache na bajeti ya mwezi mmoja.

Hapa kwetu mfano mnaoujua ni Bonga Points za Safaricom. Kubonga ni kupiga gumzo, neno la mtaani, na pointi zilikuja kwa sababu umepiga simu. Neno likataja kitendo kinachozaa faida: bonga, upate. Mwaka 2020 wateja waliporuhusiwa kulipia bidhaa kwa pointi hizo kwenye namba za Lipa na M-Pesa, hakuna aliyeuliza unga wa dukani unahusiana nini na kubonga, maana neno lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Lakini angalieni utaratibu. Lilianza likieleweka, ndipo likaweza kubeba mengine.

Basi tukakaa na wenye duka. Jambo la kwanza nililoomba lilikuwa hesabu, na jina nikaliweka kando, kwa sababu jina zuri haliokoi hesabu isiyoeleweka. Rasimu yao ilisema mteja anapata pointi moja kwa kila shilingi ishirini, na pointi tano ni shilingi moja. Nilimwomba mkurugenzi mwenyewe aniambie, bila kalamu, mama aliyenunua vitu vya shilingi 2,400 amepata nini. Alitazama dari. Ni pointi 120, ambazo ni shilingi 24. Tukakubaliana kwamba kila shilingi mia inazaa shilingi moja, na shilingi hiyo inaitwa shilingi. Faida kwa mteja ni ile ile, asilimia moja, lakini sasa mtu anakata tarakimu mbili za mwisho na jibu liko mkononi.

Hilo lilitupunguzia kazi kubwa. Mipango mingi ina jina la mpango, jina la kadi, jina la pointi, na majina ya ngazi: shaba, fedha, dhahabu. Hayo ni majina manne au matano ya kukumbuka na mtu amekuja kununua sukari. Shilingi ilipobaki kuwa shilingi, tulihitaji neno moja tu.

Sasa njooni kwenye maneno tuliyoyajaribu, kwa sababu kila moja lilianguka kwa namna yake na kila anguko lina maana.

La kwanza lilikuwa "Zawadi". Kila mtu mezani alilipenda. Tulilipeleka kwenye tawi moja kwa majaribio, keshia akawa anasema, "Mama, una Zawadi?" Mama mmoja akaweka mkoba chini, akanyoosha mkono, akasubiri apewe. Mwingine akauliza amepigiwa simu lini kwamba ameshinda. Zawadi kwa mteja ni kitu kinachoshikika, au ni bahati nasibu. Ukimpa shilingi 24 za kwenye kompyuta baada ya kumtamkia zawadi, unakuwa umemdhulumu, ingawa umempa. Tulilitoa jioni ile ile.

La pili lilikuwa "Akiba". Lina heshima, wazee walilipenda. Lakini akiba ni pesa yangu niliyoweka mimi. Mteja akiambiwa ana akiba ya shilingi 340, ana haki ya kuuliza atazitoa lini taslimu, zinazaa faida gani, na mkewe anaweza kuzichukua kama yeye hayupo. Duka halitoi taslimu, linapunguza bili. Kisha Tanzania kuna benki yenye neno hilo kwenye jina lake, na wenye duka walikuwa na ndoto ya kufika Tanga. Mwanasheria hakuhitaji kusema mara mbili.

La tatu nalisema kwa uchungu, maana nililitunga mimi na nililipenda: "Chenji". Mnajua kisa cha chenji kwenye kaunta zetu. Bili ni shilingi 397, umetoa mia nne, keshia hana sarafu, anakupa peremende. Watu wanakereka na zile peremende. Nikasema, mpango wetu uitwe Chenji: zile shilingi zilizokuwa zikipotea sasa zinarudi. Faida imo ndani ya jina, kila mtu analijua, ni silabi mbili. Niliwasilisha nikiwa nimekwisha kujipongeza moyoni.

Keshia wa kwanza kulijaribu, dada mmoja mtaratibu sana, akamwambia mteja, "Samahani, una Chenji?" Mteja akafungua pochi, akamwaga sarafu juu ya kaunta. Bila shaka! Keshia akisema "una chenji" ameomba sarafu ndogo. Ndivyo lilivyosemwa tangu kaunta iwe kaunta. Wa pili akaulizwa, akajibu, "Sina, ila usinipe peremende." Foleni ikacheka. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya friji ya maziwa na daftari langu, nikatamani friji inifunike.

Pale ndipo nilipojifunza kufanya jambo ambalo sasa nalifanya kabla ya lingine lolote. Kaeni kando ya kaunta nusu siku, muandike kila neno linalosemwa kati ya keshia na mteja. Yatawatoka maneno machache, yanajirudia: chenji, risiti, jumla, mfuko, ofa, bei, kadi, namba ya simu, nambari ya siri, imeingia, bado haijaingia. Maneno hayo yana kazi tayari. Jina lako likifanana nalo hata moja, litaeleweka kwa kazi ya zamani, hata ulitangaze vipi. Na jambo hili halionekani kabisa mezani, maana mezani hakuna anayeomba sarafu.

Baada ya aibu ile nikaacha kutunga. Nikaenda Marikiti, halafu Kongowea, nikanunua tu. Na sokoni kulikuwa na neno likinisubiri. Unanunua fungu la nyanya, umelipa, muuzaji anafunga mfuko, na wewe unasema, "Niongeze basi." Anatupia moja juu. Ukinunua mchicha, anang'oa majani mawili matatu kutoka fungu jingine. Kile kinachoongezwa ni nyongeza, na hakuna mtu wa Afrika Mashariki anayehitaji tangazo la redio kukielewa. Ukivuka mpaka hadi Kampala utalisikia hilo hilo kwa Kiganda sokoni, enyongeza. Ni desturi yenye taratibu zake: haiombwi kabla ya kulipa, haihesabiwi, na muuzaji asiyetoa hukosa mteja wiki ijayo. Supamaketi zilipokuja na bei zilizobandikwa, ndicho kitu cha kwanza tulichonyang'anywa. Huwezi kuiambia mashine ikuongeze.

Nikarudi na "Nyongeza". Nikalipima kwa vipimo vya chuma vya dukani, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu vipimo hivi huua majina mengi baada ya kadi kuchapwa. Kile kioo kidogo kinachomtazama mteja kwenye kaunta, aina iliyozoeleka ina mistari miwili ya herufi ishirini ishirini. Risiti ya karatasi nyembamba, ile ya milimita 58, inabeba herufi 32 kwa mstari. Ya milimita 80 hubeba kama 42 hadi 48. Na ujumbe wa simu ukitaka utoke kwa jina badala ya namba, jina la mtumaji haliruhusiwi kuzidi herufi 11. Lile jina la kwanza la Kiingereza walilokuwa nalo wenye duka lilikatwa katikati kwenye simu, likabaki neno lisilo na maana katika lugha yoyote. "Nyongeza" ni herufi nane. Inaingia kote na nafasi inabaki.

Sarufi nayo ilikubali. Nyongeza moja ni nyongeza, nyongeza mia ni nyongeza. Haibadiliki kwa wingi, kwa hiyo kompyuta haina kazi ya kuchagua. Ukichagua neno kama "fungu", itabidi mashine ijue lini iandike fungu na lini mafungu, na mimi sijaona mashine ya risiti iliyosoma ngeli.

Tukachapa risiti za majaribio. Tukaizindua kwenye tawi moja siku ya Jumamosi. Kabla ya saa nne asubuhi kulikuwa na ugomvi.

Mzee mmoja, mtu wa kanzu na fimbo, alikuwa amesimama pembeni na risiti, anaisoma kwa sauti. "Nyongeza, 24. Nyongeza ya nini? Mmeniongezea 24 ya nini?" Keshia akamwambia, "Hiyo ni nyongeza yako, mzee wangu." Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kwa maana nyongeza hukaa sokoni, lakini hukaa gazetini pia: nyongeza ya bei, nyongeza ya ushuru, nyongeza ya nauli. Na sisi mstari ule tuliuweka wapi? Juu ya jumla, chini kidogo ya mstari wa kodi ya ongezeko la thamani. Kodi ya ongezeko, halafu nyongeza! Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona ametozwa mara mbili. Yule mzee hakuwa mjinga. Sisi ndio tulikuwa tumeandika risiti ya wizi.

Niliomba radhi, nikamwonyesha kwa kalamu kwamba alicholipa hakijaongezeka. Akanielewa, akaniuliza swali ambalo lilinifaa kuliko mkutano wowote: "Sasa kama mimi ndiye niliyeongezwa, mbona hamkusema hivyo?"

Mzee alikuwa amegusa penyewe. Nomino haina mwelekeo. Nyongeza inaweza kuja kwako au kutoka kwako, haijulikani mpaka uelezwe. Kitenzi cha Kiswahili, kinyume chake, kimebeba ndani yake nani anafanya na nani anafanyiwa. Niongeze: wewe, kwangu. Hakuna mamlaka ya kodi itakayokuandikia "niongeze". Neno hilo ni la mnunuzi peke yake, na analisema pale pale anapolitaka, baada ya kulipa.

Nikawaambia wenye duka mpango uitwe Niongeze. Mkurugenzi alisema linaonekana kama kuomba. Nikamwambia ndiyo, na sokoni tunaomba kila siku bila haya. Meneja wa masoko alitaka Kiingereza kwa sababu matawi mawili yako karibu na hoteli. Hoja hiyo siidharau. Wapo wateja wanaoona jina la Kiswahili kama kitu cha bei rahisi. Lakini duka lenyewe liliuza unga, mafuta na sabuni kwa watu wa mtaani, na wageni wa hotelini hawarudi kila wiki kukusanya shilingi. Kadi ni ya anayerudi.

Kilichomaliza ubishi ni mazungumzo yenyewe. Nina sentensi tatu ninazolipitisha kila jina, kwa sauti, na keshia halisi: ya kuweka, ya kuuliza salio, na ya kutumia. Kwa Niongeze, ya kwanza ilitoka hivi. Keshia anasema, "Nikuongeze, mama?" Mama anasema, "Niongeze." Imeisha. Swali na jibu ni neno moja lililogeuzwa kiambishi, kama wanavyosalimiana watu. Hakuna "una kadi", hakuna "kadi gani". Na mteja amelitamka jina la mpango wenu kwa mdomo wake, mwenyewe, mara moja kila anapolipa. Jina analolitamka mtu linamkaa kuliko analolisoma.

Ya pili, ya salio: "Niongeze yangu ina ngapi?" Inapita, ingawa mwalimu wa Kiswahili atakunja uso.

Ya tatu ilituyumbisha. Mteja anapotaka kutumia shilingi zake, neno linasema kuongeza na yeye anataka kupunguza. Keshia mmoja alijaribu "Nikupunguzie Niongeze?" na hata yeye hakujua amesema nini. Mteja akielewa kwamba anapunguziwa salio wakati hajataka, ni ugomvi mwingine. Tuliamua sentensi iwe "Nitoe kwenye Niongeze?", na mteja anajibu "toa" au "acha". Si tamu kama ile ya kwanza. Lakini kutumia hutokea mara chache kuliko kuweka, na nikichagua pa kulegea nitalegea pale.

Risiti nayo tuliipanga upya. Mstari ulihama chini ya jumla na chini ya alicholipa mteja, ukatengwa kwa mstari wa vistari, na ukapewa kitenzi:

```
JUMLA              2,400.00
UMELIPA            2,400.00
---------------------------
NIONGEZE: umeongezwa sh 24
Sasa unazo           sh 340
```

Tazameni mstari wa mwisho. Hakuna neno "salio", hakuna "pointi zilizolimbikizwa". Unazo. Na kama mteja hakutoa namba yake ya simu, mashine iliandika "Leo hukuongezwa sh 24". Huo mstari ulileta watu kaunta kuuliza kuliko bango la mlangoni, na pia ulileta malalamiko: wapo waliotaka wapewe za wiki iliyopita kwa risiti waliyoikunja mfukoni. Tuliwapa siku saba. Kikomo lazima kiwepo, ila kiandikwe.

Kulijaribu, msimwulize mtu kama jina analipenda. Atasema analipenda, watu wetu wana adabu. Tulisimama nje ya mlango, na kesho yake tukawauliza waliokuja tena: "Jana pale kaunta uliulizwa nini?" Enzi ya jina la Kiingereza jibu lilikuwa "habari za kadi". Enzi ya Niongeze wengi waliigiza keshia, kwa sauti yake kabisa: "Aliniuliza, nikuongeze?" Swali la pili: "Ukasema nini, ukapata nini?" Hapo ndipo unajua kama faida imeshikwa. Anayesema "shilingi ishirini na kitu" ameshika. Anayesema "pointi" bado.

Shida hazikwisha. Wiki ya kwanza wateja walijibu, "Uniongeze nini?" na kila jibu lilirefusha foleni. Tuliwapa makeshia jibu moja fupi, "Shilingi 24, kwenye namba yako", hakuna la ziada. Kiasi chenyewe lazima kisemwe, kwa hiyo tuliomba mashine ikioneshe kwa keshia kabla ya malipo. Bila hivyo angesema "shilingi kadhaa", na shilingi kadhaa si kitu. Halafu ikaja namba ya simu. Mabinti hawakutaka kuitaja kwa sauti na foleni ya wanaume nyuma yao, na ni haki yao. Wengine walitaja namba za uongo. Kibonyezo kidogo cha kuingizia namba wenyewe kilisaidia kuliko maneno yoyote.

Na tahajia. Wengi, hasa waliotoka bara, waliandika "niongezee", yenye e mbili mwishoni, kwenye ujumbe wa kuuliza salio, na mfumo ukawajibu kwamba neno halijulikani. Tulisajili yote mawili, pamoja na "ongeza" tupu. Jina la Kiswahili litaandikwa kama linavyosemwa na kila mtu kwa kwao. Ni kazi ya mashine kuvumilia.

Kuhusu kulilinda jina, wanaouliza wajue hivi. Maombi ya kusajili alama ya biashara hupelekwa KIPI kwa Kenya na BRELA kwa Tanzania Bara, na mipango ya namna hii huangukia daraja la 35 la alama hizo. Neno linaloeleza huduma moja kwa moja ni gumu kusajiliwa likiwa peke yake. "Pointi za Duka" hutalipata. Niongeze ni kauli ya mnunuzi na si maelezo ya huduma, kwa hiyo lina nafasi nzuri zaidi, lakini mwanasheria wetu alishauri tulipeleke pamoja na mchoro wake, mkono unaotupia nyanya juu ya fungu. Hamtaweza kumzuia muuzaji wa Kongowea asiseme niongeze, na mkijaribu mtachekwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na siku tuliyozindua upya, tawi lile lile. Nilisimama tena kando ya friji ya maziwa. Mama mmoja wa makamo, mwenye kanga mbili na kikapu cha ukindu, alifika kaunta. Yule dada mtaratibu, yule wa sarafu, akapitisha kitu cha mwisho, akamtajia jumla, akapokea pesa, akamtazama usoni.

"Nikuongeze, mama?"

"Niongeze, mwanangu. Na lile tikiti mliloniuzia juzi lilikuwa limeoza, hilo nalo mniongeze jingine."

Meneja akaletwa. Tikiti likatolewa.